Picha na Dai ni Abiria Wawili, Kila Mmoja na Tiketi Yake

(Hotuba kwa waandishi wa redio na wa mitandaoni, Kigoma mjini)

Ndugu zangu waandishi, watangazaji, na ninyi vijana mnaoendesha kurasa za habari hapa Kigoma na Ujiji, asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie uhakiki wa picha inayosambaa kabla hatujaiingiza kwenye habari za hivi punde. Nimeona nisiliongee jambo hili juu juu. Nitawapitisha kwenye asubuhi moja tu, Jumamosi ya mwezi wa saba, kusi ikiwa imechachamaa ziwani, nami niko zamu ya uhariri na mwandishi mmoja kijana.

Saa tatu na dakika kumi simu yangu iliingia ujumbe wa WhatsApp wenye picha mbili. Maneno yake yalikuwa haya: "Boti la abiria lililotoka Kibirizi limezama leo saa kumi na mbili asubuhi. Watu 180 wamekufa. Wakubwa wanaficha. Sambaza." Picha ya kwanza ilionyesha chombo kimepinduka tumbo juu, watu wamesimama juu yake, mitumbwi imekizunguka. Ya pili ilionyesha umati ufukweni, na jua jekundu limekaribia kugusa maji. Juu ya ujumbe kulikuwa na ile alama ya mishale miwili, maana yake umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kunifikia. Aliyenitumia alikuwa jirani yangu wa Gungu, mtu mkweli kabisa. Lakini ukweli wake haukuwa na uzito wowote hapo, kwa sababu yeye alikuwa msambazaji tu, hakuwa shahidi.

Kabla sijaendelea, lazima niwaambie kosa nililowahi kulifanya miaka mingi kabla ya hapo, kwa maana ndilo lililonifundisha kazi ya siku ile. Ulikuja ujumbe wa namna hiyohiyo kuhusu mwalo mmoja. Nikaikagua picha, nikagundua ni ya zamani, nikaingia hewani na kutamka kwamba habari ya ajali ni ya uongo, wananchi wasiwe na hofu. Jioni ikajulikana kuwa mtumbwi ulikuwa umepinduka kweli na vijana wawili wamepotea. Picha ilikuwa ya uongo, ajali ilikuwa ya kweli. Mtu aliyekuwa pale mwaloni hakuwa na picha, akachukua yoyote aliyoipata kwenye simu ili watu wamwamini. Nami nikaitumia ile picha kuwanyamazisha wazazi waliokuwa wanatafuta watoto wao. Nililia siku ile, na sioni aibu kulisema.

Tangu hapo nachukulia picha na dai kuwa abiria wawili waliopanda chombo kimoja. Kila mmoja namwomba tiketi yake. Tiketi ya mmoja ikiwa bandia, sijajua chochote kuhusu ya mwenzake.

Kwa hiyo Jumamosi ile tuligawana. Mimi nikachukua picha, kijana wangu akachukua dai na simu ya ofisi. Msifanye kazi hizi kwa mtu mmoja kama mko wawili, kwa sababu macho yakishaiona picha, masikio nayo yanaanza kusikia kile ambacho macho yamekwisha kuamini.

Nianze na picha. Wengi wenu hukimbilia jina la faili. Ukiihifadhi picha ya WhatsApp kwenye simu ya Android, utaona jina kama `IMG-20230508-WA0014.jpg`, nawe utasema, hii hapa tarehe, ilipigwa tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 2023. Sivyo. Hiyo ni siku faili lilipoingia kwenye simu iliyolihifadhi. Picha ya miaka kumi iliyopita ikiingia leo itapewa tarehe ya leo. Na zile taarifa ambazo kamera huziandika ndani ya picha yenyewe, saa ya kupigwa, aina ya simu, wakati mwingine hata mahali, WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Hubaki tu kama mtu ameituma kama hati. Basi faili la namna ile halikuwa na la kuniambia, ikabidi niiulize picha yenyewe.

Niliiweka kwenye Google Lens. Mara ya kwanza ikaniletea picha za meli na vivuko kwa jumla, hakuna iliyofanana. Hapo ndipo wengi huinua mikono na kusema, haipo mtandaoni, basi ni mpya. Mtambo kushindwa kuipata picha si ushahidi kwamba picha ni mpya. Huenda haijawahi kuwekwa kwenye tovuti inayosomwa na mtambo, huenda imekatwa, huenda imegeuzwa. Nikaitazama tena kwa utulivu. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa vibaya, vichwa vya watu kwenye mtumbwi vinaonekana lakini mtumbwi wenyewe umeishia njiani. Picha iliyopigwa na mtu wa habari wakati mwingine huwa na maandishi chini, na anayetaka kuificha asili yake huanza kwa kuyakata hayo. Halafu nikaona fulana ya kijana mmoja ina herufi zinazosomeka kinyume. Picha ilikuwa imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo.

Nikaigeuza kwa programu ya kawaida ya picha iliyomo kwenye simu, nikakata sehemu ya kile chombo peke yake bila anga, nikaitafuta upya kwenye Google Lens, kisha TinEye. TinEye nawapendekezea kwa sababu moja: inakuruhusu kupanga matokeo ukianza na la zamani kuliko yote. Ikitokea picha ina matokeo mia mbili, wewe unalolitaka ni lile la kwanza kabisa, kwa sababu picha haiwezi kuchapishwa kabla ya kupigwa. Safari hii ikapatikana. Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya Septemba 2018, na maelezo yake yalitaja kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 mwezi ule karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria.

Hata hapo sikusema nimemaliza. Ajali ile ilipigwa picha na watu wengi, na mtambo huleta picha zinazofanana pamoja na picha ileile. Nikaziweka mbili pembeni kwa pembeni na kutafuta vitu ambavyo haviwezi kujirudia kwa bahati: namna wale watu walivyosimama juu ya kivuko, nani ameinama na nani amenyoosha mkono, mitumbwi ni mingapi upande mmoja, na mstari wa nchi kavu nyuma umepanda wapi na kushuka wapi. Vyote vikaoana. Nikaangalia kama vyombo viwili vya habari visivyonukuliana viliitumia kwa ajali hiyohiyo. Vilikuwepo. Kazi yote ilichukua kama dakika ishirini, nyingi zikiwa za kusubiri mtandao.

Picha ya pili ilikuwa na hadithi nyingine, na naomba mnisikilize kwa makini hapa maana ni elimu ambayo sisi watu wa Kigoma tunayo bila kwenda darasani. Ujumbe ulidai ni watu wa Kibirizi wakisubiri miili saa kumi na mbili asubuhi. Ukisimama Kibirizi ukatazama ziwa, unatazama magharibi, milima ya Kongo iko mbele yako. Jua letu huchomoza nyuma ya mgongo wako, nchi kavu, na huzama majini. Kwa hiyo jua jekundu lililo karibu na maji, kwa mtu aliye ufukwe wetu, ni la jioni. Tena mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi Kigoma bado ni giza. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na watu wa Dar es Salaam, hivyo jua kwetu huchelewa karibu dakika arobaini nyuma yao, na miezi hiyo linachomoza baada ya saa moja. Hakuna mtu Kibirizi aliyepiga picha ya jua muda ule.

Lakini angalieni mpaka wa hoja hii. Imenithibitishia kwamba picha haikupigwa Kibirizi asubuhi ile. Haijaniambia ilipigwa wapi. Yaweza kuwa Kigoma jioni ya siku yoyote. Yaweza pia kuwa ng'ambo, kwa sababu mtu aliye Kalemie analitazama ziwa kwa mashariki, na kwake jua la asubuhi linatoka majini. Mitambo haikuleta kitu. Kwa hiyo picha ile sikuiita ya uongo hewani wala sikuitumia. Niliiweka kando na kuandika karibu yake: haijulikani. Mhariri anayeshindwa kuandika neno hilo atalazimika kubuni.

Sasa dai. Kijana wangu, wakati mimi nahangaika na picha, alikuwa ameshapokea simu tatu za watu wanaothibitisha ajali. Akaniambia kwa furaha, tuna vyanzo vitatu. Nikamwomba awapigie tena wote na kuwauliza swali moja: "Ndugu yangu, umeona kwa macho yako, umeambiwa na aliyeona, au umesoma?" Wote watatu walikuwa wamesoma, ujumbe uleule. Hao si vyanzo vitatu, ni ujumbe mmoja uliosomwa na watu watatu.

Nikambadilishia pia swali la kuuliza mwaloni. Yeye alikuwa anauliza, "Je, ni kweli boti limezama?" Mtu aliyekwisha kupata ujumbe atajibu, ndiyo, tunasikia hivyo. Mwogope mtu anayekurudishia maneno yako. Uliza jambo ambalo halimo kwenye ujumbe. Tukampigia mzee mmoja wa kamati ya mwalo pale Kibirizi ambaye hatujawahi kumkosa kwa miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Najua unachotaka kuniuliza."

"Mzee, mimi nataka kujua tu, leo zimetoka boti ngapi kwenda vijiji vya kaskazini, na zipi zimefika?"

Kukawa kimya kidogo. Akasema zimetoka tatu. Mbili zimepiga simu kwamba zimefika. Ya tatu simu ya nahodha haipatikani.

Mnaona? Picha ilikuwa imeshaanguka, tena vibaya, na kama ningekuwa yule wa zamani ningekwisha kuingia hewani kutuliza watu. Kumbe kuna boti moja haijulikani ilipo, kusi inapiga, na ndani yake mna watu.

Tukapiga Polisi Wanamaji. Wakasema wana taarifa ya boti iliyochelewa na wametuma chombo kuifuata, hawana taarifa ya kifo. Tukapiga Hospitali ya Maweni kuuliza kama wamepokea majeruhi wa ziwani, wakajibu hawajapokea. Jibu la hospitali lina mpaka wake pia: ajali ikitokea kaskazini mbali, majeruhi huanzia kwenye zahanati ya kijiji, na Maweni wanaweza kukaa saa kadhaa bila kumwona hata mmoja.

Ikabaki ile namba, 180. Mwandishi mwenzetu aliyekuwa anafuatilia kutoka nyumbani akatuandikia kwamba dai ni la uongo kwa kuwa boti za mbao za njia ile haziruhusiwi kubeba watu wengi hivyo. Hoja hiyo inavutia, nami nawaomba msiitumie kamwe. MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Uwezo ulioandikwa kwenye cheti hukwambia chombo kinatakiwa kubeba wangapi. Haukwambii kilibeba wangapi siku ile. Hata orodha ya abiria haitoshi, kwa sababu watoto wa mgongoni wanaachwa, na anayepandia kituo cha njiani haandikwi. Mimi namba naikataa au naikubali kwa kuuliza nani amehesabu, alihesabu nini, na alikuwa amesimama wapi. Namba 180 haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa imezaliwa ndani ya ujumbe na haikuwepo mahali pengine popote, kwa hiyo hatukuitamka hewani, hata kwa kuikanusha. Ukisema "si kweli kwamba wamekufa 180", anayefungua redio katikati ya sentensi ataondoka na 180.

Kuna jambo la saa ambalo nusura litupoteze. Mtu mmoja wa kijiji karibu na mpaka alituambia ameiona boti ikielea "saa mbili na nusu", mwingine akasema "saa tatu na nusu". Kijana wangu akadhani mmoja anadanganya. Burundi na upande ule wa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wa ng'ambo hujibadilisha saa yenyewe bila mwenye simu kujua. Wote wawili walikuwa wanazungumzia dakika ileile. Huku kwetu, ukiambiwa saa, uliza ni ya wapi.

Saa tano kamili tulisoma hivi: "Boti moja ya abiria iliyoondoka Kibirizi asubuhi ya leo haijafika inakokwenda. Polisi Wanamaji wamekiambia kituo hiki kuwa chombo kimetumwa kuitafuta. Hadi saa tano hii hakuna mamlaka wala shahidi aliyetuthibitishia kifo. Picha inayosambaa ya chombo kilichopinduka haihusiani na tukio hili, ni ya kivuko cha MV Nyerere, Ukara, mwaka 2018." Kila sentensi ina mwenyewe, na saa imetajwa, kwa sababu habari ya namna hii huchacha haraka kama dagaa mbichi. Picha ile hatukuiweka kwenye ukurasa wetu. Kama ni lazima muioneshe ili watu waitambue, iandikeni katikati, juu ya picha yenyewe, kwamba ni ya Ukara 2018. Mkiandika pembeni, atakayeisambaza ataikata kama wale walivyokata maelezo ya kwanza.

Saa sita kasorobo yule mzee alipiga mwenyewe. Boti ilikuwa imezimika injini, upepo ukaisukuma, maji yakaanza kuingia, abiria wakatupa mizigo. Vipe viwili vilivyokuwa vinarudi kutoka kuvua viliifunga kamba na kuivuta hadi kijijini. Wote wako hai. Tukampata nahodha kwa simu ya mwanakijiji, akasema abiria 43. Mwenyekiti wa kijiji, aliyewahesabu wakishuka, akasema 45. Tulisoma "zaidi ya 40" na tukaeleza kuwa hesabu mbili zinatofautiana.

Mvuvi mmoja wa kile kipe akatutumia picha. Na sasa mtaniuliza, hii nayo utaihakiki vipi, mbona haina mahali pa kutafutwa? Hapa mtambo hausaidii, anasaidia mpigaji. Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, aitume upya kama hati, ili taarifa za kamera zije nayo. La pili, anitumie picha mbili alizopiga kabla ya hiyo na mbili alizopiga baada yake. Anayepiga kweli hapigi moja. Atakuwa na moja iliyotikisika, moja yenye kidole, moja ya nyavu zake mwenyewe. Aliyepokea kutoka kwa mtu atakuwa na hiyohiyo moja tu. Picha tano zikaja. Saa zake zilifuatana, milima ya nyuma ilisogea kidogo kidogo kama inavyosogea ukiwa kwenye chombo kinachokwenda, na jina lililochorwa ubavuni mwa boti ndilo mzee alilokuwa ametutajia saa mbili zilizopita, kabla picha haijakuwepo.

Tuliuliza ruhusa yake, tukamtaja kwa jina alilopenda kutajwa nalo, tukachapisha ya tatu. Haikuwa na kishindo. Boti ya mbao inavutwa, watu wamekaa wamejikunyata, mama mmoja amemfunika mtoto kwa kanga iliyolowa. Chini yake tuliandika siku, saa, sehemu ya ziwa, na nani aliyepiga. Saa nane mchana mwanamke mmoja wa Katonga alipiga simu kituoni, akasema ile kanga anaifahamu, ni ya dada yake, tukampa namba ya mwenyekiti wa kijiji.